Mkeka wa timu kumi: tatizo si timu iliyokuchania

Juzi mdogo wangu mmoja wa Majengo, Moshi, kanitumia picha ya mkeka wake wa kubeti: mechi kumi, zote ova 2.5, yaani kila moja ifikishe magoli matatu au zaidi, dau shilingi 1,000. Tisa zimetiki, moja imeisha moja bila. Anauliza achague vipi timu asichaniwe tena.

Mimi nimekaa kaunta ya duka la kubeti hapa Arusha, Ngarenaro, nikichapa mikeka kutwa. Bosi alitusisitizia kwamba mteja akija na timu tatu, tumshawishi aongeze mbili ili odi, ile namba inayozidisha dau lako ukishinda, ipande. Nikajiuliza, anayelipa ushindi anatakaje uwe mkubwa? Nikachukua kikokotoo nikapiga hesabu mwenyewe, na najivunia hilo hadi leo.

Chukua mechi ambayo ova na anda, yaani magoli mawili kushuka chini, zina nafasi nusu kwa nusu. Odi ya haki hapo ni 2.00, lakini kampuni inakupa 1.90 kila upande. Kwa wastani, kila 1,000 unayoweka inarudi 950. Hiyo 50 ni yao.

Kwenye mkeka odi zinazidishwa kwa sababu malipo yote ya mechi ya kwanza yanawekwa kwenye ya pili, kisha ya tatu, hushiki hata senti. Kila hatua kampuni inamega asilimia 5 ya ulichobeba. Mechi mbili ni 1.90 × 1.90, yaani 3.61 badala ya 4.00, na thamani ya 1,000 yako inashuka hadi kama 902. Mechi tano, 774. Mechi kumi, 599. Odi ya mechi hizo kumi inayokupagawisha, 613, ilipaswa kuwa 1,024.

Na hiyo "imebaki moja tu" inayokunyima usingizi? Mechi zikiwa za nusu kwa nusu, kwa kila mkeka mmoja wa mechi kumi unaotiki wote, kuna mikeka kumi inayochanwa na timu moja tu. Ndivyo mikeka ilivyo. Inaniuma kuona vijana wanamtukana kipa kwa jambo ambalo hesabu ilishalisema.

Utaniambia kuna bonasi ya timu nyingi. Sawa, lakini kwa mechi kumi za 1.90 inabidi malipo yaongezwe asilimia 59 ndipo ulingane na aliyebeti mechi moja, ambaye naye bado anapoteza.

Wadogo zangu, kabla hujabonyeza, gawa 1 kwa odi ya kila matokeo ya mechi hiyo, kisha jumlisha. Ova na anda za 1.90 zinaleta 1.05. Kinachozidi 1 ndicho makato yao, na kila timu unayoongeza inakuja na yake.