Jinsi Ninavyoandika Muhtasari wa Somo la Biblia Lililorekodiwa

Wiki iliyopita niliandikiwa na katibu wa kikundi cha kujifunza Biblia katika usharika ulio mbali na wetu. Anasema kwamba hurekodi somo kwa simu, kisha huliandika neno kwa neno, na mwishowe hupata kurasa nyingi ambazo hakuna mwanakikundi anayezisoma. Alipojaribu kufupisha, kila mtu alilalamika kwamba maneno yake yameachwa. Ameniuliza mimi nafanyaje. Sitaficha kwamba najivunia daftari la kikundi chetu cha Alhamisi, kwa sababu wauguzi na walinzi wanaokosa somo kwa ajili ya zamu hulisoma, na wanaporudi wanajua mjadala ulifikia wapi bila kumsumbua mtu kwa maswali.

Nitaeleza kwa kutumia somo letu la Luka 16:1-13, mfano wa wakili dhalimu, kwa kuwa ni kifungu ambacho hakijawahi kuwaacha watu wakubaliane. Wakili anashtakiwa kwa kutapanya mali ya tajiri, anaambiwa atoe hesabu, naye anawaita wadeni wa bwana wake: mwenye deni la vipimo 100 vya mafuta aandike 50, na mwenye deni la makanda 100 ya ngano aandike 80. Kisha anasifiwa kwa busara yake, na hapo ndipo mjadala huwaka.

Siandiki neno kwa neno. Nasikiliza rekodi mara ya kwanza nikiwa na karatasi iliyogawanywa sehemu tatu, yaani vifungu, fafanuzi na maswali, na katika kila sehemu naandika dakika na maneno machache tu ya kunikumbusha. Mara ya pili narudi kwenye dakika hizo peke yake. Salamu, matangazo na marudio ya kawaida hayarudiwi kusikilizwa.

Katika sehemu ya vifungu, natenganisha kilichosomwa kwa sauti na kilichotajwa kwa kukumbuka. Luka 16:1-13 ilisomwa yote. Luka 16:14, kuhusu Mafarisayo waliopenda fedha, ilisomwa baadaye na mwinjilisti. Mzee mmoja alisema, “Biblia inasema fedha ni shina la mabaya,” bila kutaja mahali. Nikaandika alivyosema, kisha katika mabano nikaweka 1 Timotheo 6:10, pamoja na maelezo kwamba aya hiyo inazungumzia kupenda fedha. Katibu akisahihisha kimyakimya, msomaji hataelewa kwa nini mama aliyefuata kuzungumza alianza kwa kutetea fedha; na akiacha kosa bila alama, litarudiwa wiki ijayo kama aya.

Sehemu ya fafanuzi ndiyo inayotaka uvumilivu, na ndiyo ambayo makatibu wengi huiharibu. Kila ufafanuzi nauandika kwa mambo matatu: dai lenyewe, aya au sababu iliyotolewa, na kiwango cha uhakika wa msemaji. Katika somo lile zilitolewa fafanuzi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mzee yule: wakili aliiba kwa mara ya pili, na kilichosifiwa ni werevu wa kuitazama kesho yake, si wizi, akategemea aya ya 8, inayomwita bado dhalimu. Ya pili ilikuwa ya mama anayefanya biashara ya mahindi, ambaye alisema kwamba kwa uzoefu wake dalali huweka faida yake juu ya bei ya mwenye mali, hivyo huenda wakili alipunguza sehemu yake mwenyewe, na bwana hakupoteza kitu. Hakuwa na aya, naye alisema “huenda” mara kadhaa. Ya tatu ilitoka kwa mwalimu wa shule: deni lile lilikuwa limefichwa riba ndani yake, riba ambayo Torati inakataza katika Kutoka 22:25 na Kumbukumbu la Torati 23:19, na wakili alipoiondoa alimrudisha bwana wake kwenye sheria.

Msomaji aone jinsi “huenda” la yule mama lilivyo na uzito. Ningeandika kwamba “mama alifundisha kuwa wakili alisamehe faida yake,” ningekuwa nimemtwika dai ambalo hakulitoa. Vivyo hivyo, ningeandika “kikundi kilielewa kuwa…” ningekuwa nimefuta watu wawili. Neno “kikundi” nalitumia pale tu ambapo katika rekodi nasikia mtu akiuliza kama wote wanakubaliana na wote wakajibu.

Hatari kubwa zaidi imo katika dakika kumi za mwisho. Kiongozi hufunga somo kwa muhtasari wake, kwa sauti iliyo wazi na sentensi zilizokamilika, na katibu aliyechoka huyachukua maneno hayo kuwa ndiyo somo lote. Mwinjilisti wetu alifunga kwa ufafanuzi wa kwanza. Nimeuandika kuwa ndio alioupendelea, wala sikuziondoa zile mbili. Ukisoma muhtasari wako na kuona kwamba fafanuzi zote zinaelekea upande mmoja, rudi katikati ya rekodi, mahali ambapo watu wanasemea pamoja; mara nyingi utakuta pale kile ulichokipoteza.

Maswali yaliyobaki wazi hayaji yote kwa sura ya maswali. Kijana mmoja alisema tu, “Mimi hapo kwenye aya ya 9 bado,” yaani pale Yesu anaposema wajifanyie rafiki kwa mali ya udhalimu ili wakaribishwe katika makao ya milele. Je, ni mali iliyopatikana kwa dhuluma, au ni mali yoyote ya dunia hii? Ili kujua kama swali limebaki, nasikiliza dakika mbili au tatu zinazofuata: je, alijibiwa, na je, yeye mwenyewe aliridhika? Kijana alijibiwa na watu wawili kwa majibu yanayopingana, kisha mazungumzo yakahamia aya ya 13. Swali lake limeandikwa kuwa wazi, pamoja na majibu yote mawili. La pili lilikuwa kuhusu “yule bwana” wa aya ya 8, kama ni tajiri wa mfano au ni Yesu. Mmoja alitaja Luka 18:6, ambapo baada ya mfano wa kadhi dhalimu anayezungumza ni Bwana Yesu, lakini hakuna aliyehitimisha.

Nina jambo linaloniuma hadi leo. Kiongozi mmoja wa zamani aliwahi kuchukua muhtasari wangu kabla haujasambazwa na kuikata sehemu yote ya maswali, akisema inawadhoofisha waumini. Waliouliza maswali hayo kwa midomo yao wenyewe waliusoma muhtasari uliosema kwamba kila kitu kilieleweka, na wawili kati yao hawakuuliza tena kitu chochote somoni. Ndugu katibu, usikubali kufanya hivyo, na usijifanyie hivyo mwenyewe kwa kulipamba swali mpaka likafanana na jibu. Swali liandikwe kwa maneno ya mwulizaji, hata kama yamekatika.

Kuna yasiyoingia kabisa: maombi ya mtu kuhusu ndoa yake, deni alilolitaja kama mfano, jina la mgonjwa. Mama wa mahindi alitaja hasara yake ya mwaka jana. Mimi niliandika hoja ya dalali peke yake, bila hasara na bila jina. Kabla ya kusambaza, humsomea kila mwenye ufafanuzi sentensi zake, naye hunirekebisha, na baada ya hapo naifuta rekodi kwenye simu mbele ya kikundi. Muhtasari wa Luka 16 ulitosha kurasa mbili, na Alhamisi iliyofuata mwinjilisti alianza na aya ya 9.