Usikae kwenye foleni ya kitabu kabla hujajaribu kifaa chako

"Nimejiunga na maktaba ya kidijitali. Vitabu vingapi naruhusiwa kuazima kwa mpigo, foleni huchukua muda gani, na nakaa na kitabu siku ngapi? Nina Kindle, muuzaji kanihakikishia inafungua faili za vitabu za EPUB, kwa hiyo kitabu ninachokitaka nimeshakiwekea foleni, nasubiri tu."

Ndugu yangu, usisubiri tu! Mimi nilisubiri tu, na kitabu kikanipita nikikitazama.

Huyo muuzaji wako amekwambia nusu ya ukweli, kama wangu alivyonifanyia. EPUB ya maktaba si sawa na EPUB unayoipakua bure. Ya maktaba huja na kufuli la Adobe, ndilo linalohesabu siku zako na kukifunga kitabu muda ukiisha. Kindle haifungui kufuli hilo. Ukiituma kwa Send to Kindle itakataliwa, kwa sababu huduma ile inapokea EPUB zisizo na kufuli pekee. Njia halali ya kuazima kwa Kindle ipo kwenye maktaba za Marekani zinazotumia mfumo wa kuazimisha wa OverDrive, na hata huko si kila kitabu. Wauzaji wanajua watu hawaulizi kuhusu kufuli, wanajibu "inafungua" na wanachukua hela. Inaniudhi mpaka leo.

Mimi nilirudisha Kindle nikachukua Kobo, nikaifungulia akaunti ya Adobe, nikaona nimemaliza kazi. Kitabu nilichokitaka kilikuwa na nakala 4, nami nilikuwa wa 37. Nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama kitabu cha karatasi. Mbele yangu walikuwa 36, ukigawa kwa nakala 4 ni mizunguko 9, na kila mzunguko siku 14. Hiyo ni siku 126, miezi minne na ushee. Watu wengine hurudisha mapema, kwa hiyo zamu yangu ilifika kabla ya hapo, lakini bado ilikuwa miezi.

Arifa ikaja. Kwenye Libby, programu ya kuazimia vitabu vya maktaba, zamu yako ikifika unapewa siku 3 za kukubali, nami nilikuwa mbali na kompyuta yangu. Kwa pupa nikatumia kompyuta ya rafiki. Nikapakua faili linaloishia na .acsm, dogo mno, KB chache tu. Hilo si kitabu, ni hati ya kukiitia kitabu. Nikalifungua kwa programu ya Adobe Digital Editions, na kompyuta ile ilikuwa imesajiliwa bila akaunti yoyote. Kitabu kikafunguka vizuri, jalada na kurasa zote, nikafurahi. Nilipofika nyumbani nikalifungua faili lile lile kwenye kompyuta yangu, na skrini ikaniandikia hivi:

```
E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER
```

Maana yake kitabu kimeshachukuliwa na mtumiaji mwingine. Mazishi yangu! Hati ile hufunga kitabu kwa akaunti ya kwanza kuifungua, na kwenye kompyuta ya rafiki akaunti hiyo haikuwa yangu. Dawa ya kawaida ni kukirudisha kitabu na kukiazima upya kwa akaunti sahihi, jambo rahisi kama hakuna anayekisubiri. Nyuma yangu walikuwepo wengi. Nikirudisha, kinaenda kwa anayefuata, nami naanza upya mkiani. Nikabaki nasoma kwa kompyuta ya rafiki jioni jioni, mpaka siku 14 zikaisha nikiwa sijafika nusu. Kuongeza muda hakukuwezekana, maana kina foleni.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Tafuta kitabu chochote kisicho na foleni, hata kama hukipendi. Kiazime, kipakue kwa njia ile ile utakayotumia siku ya zamu yako, kwa kompyuta yako na akaunti yako ya Adobe, kisha kiweke kwenye kifaa utakachosomea na ugeuze kurasa mbili tatu. Kikifunguka, kirudishe, endelea kusubiri kwa amani. Kikigoma, umepoteza dakika tano badala ya miezi, na una nafasi ya kuahirisha zamu yako. Libby inaruhusu kuahirisha bila kupoteza nafasi kwenye foleni.

Kama kompyuta uliyonayo ilisajiliwa bila akaunti, kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+D ndani ya Adobe Digital Editions uondoe usajili huo, halafu uisajili upya kwa akaunti yako, kabla hujagusa faili lolote la .acsm.

Na kama kitabu chako ni PDF, jaribu hilo pia kwa kitabu kingine cha PDF, maana ukurasa wake haujipangi upya kwenye skrini ndogo. Utajikuta unavuta herufi kulia na kushoto kila mstari. Simu au tableti yenye Libby haina kero ya .acsm kabisa, unasomea humo humo. Lakini kwa kuwa umeshanunua Kindle, anza na jaribio hilo kabla zamu haijakufikia.