Umeme ukikatika-katika na BIOS ikasahau seting, usibonyeze F1 tu ukaendelea na kazi

Unawasha kompyuta baada ya umeme kurudi, skrini nyeusi inakuandikia "CMOS Checksum Error - Defaults Loaded" na chini yake unaambiwa ubonyeze F1 kuendelea. Wengi wanabonyeza, Windows inawaka, wanarekebisha saa na basi. Mimi nawaambia watu hapo soma yale maneno mawili ya mwisho, maana BIOS inakwambia imetupa seting zako zote na kuweka zake za kiwandani, na kwenye mazabodi nyingi za kompyuta za mezani, hizo seting za kiwandani zinakuja na Secure Boot ikiwa imezimwa, yaani ule ulinzi unaozuia kompyuta kuwaka na programu isiyoaminika.

Inakuwaje? Seting na saa vinakaa kwenye kimemori kidogo kinachoitwa CMOS, ambacho kinahitaji umeme muda wote. Plagi ikiwa na umeme, hata kompyuta ikiwa imezimwa, pawasaplai inakilisha. Umeme ukikatika, au wewe ukizima swichi ya ukutani kila jioni, kinakula ile betri ya duara CR2032. Kwahiyo kwenye umeme wa kukatika-katika betri inaisha mapema kuliko kawaida. BIOS ilihifadhi pia jumla ya hesabu ya seting zote, ikiwaka inapiga hesabu upya, zisipolingana haiamini chochote kilichomo.

Kabla hujakimbilia kununua betri angalia saa kwanza. Saa imerudi nyuma miaka kadhaa, hapo ni betri, chomoa plagi upime kwa malitimita: mpya inasoma volti 3 na kidogo, ikiwa chini ya 2.8 toa weka nyingine, upande wa alama ya + uangalie juu kama ilivyokuwa. Lakini saa ikiwa sawa kabisa na seting zimepotea, betri mara nyingi haina kosa. Kuna mazabodi ambazo umeme ukikatika mara kadhaa zikiwa katikati ya kuwaka, zinadhani umeziwekea seting mbaya na zenyewe zinarudi za kiwandani. Hapo utabadilisha betri hata tatu na hakuna kitakachobadilika, dawa ni yupiesi.

Sasa usalama. Niliwahi kuletewa mashine mbili zilizopata shida hii hii. Ya kwanza ilikuwa na BitLocker, ile ya Windows inayofunga disiki kwa funguo, ikagoma kuwaka na kudai namba ya rikavari yenye tarakimu 48, mwenyewe akaona imeharibika kabisa. Kumbe ndio ilikuwa inafanya kazi yake: TPM, chipu inayotunza funguo za disiki, imeona Secure Boot sio ile ya jana, ikakataa kutoa funguo. Ya pili haikuwa na BitLocker, ikawaka vizuri tu bila kulalamika, na Secure Boot ilikuwa imezimwa, paswedi ya BIOS imefutika, kuwasha kwa flashi kumeruhusiwa. Hiyo ya pili ndio iliyonitisha, maana mtu yeyote angechomeka flashi yake na kuwasha anachotaka, na Windows isingesema neno.

Kwenye ile ya kwanza hatukukimbilia kuingiza zile tarakimu 48. Tuliingia BIOS, tukarudisha Secure Boot na TPM kama zilivyokuwa, CSM, ile seting ya kuwasha kwa mtindo wa zamani, tukaizima, tukahifadhi, Windows ikawaka bila kuuliza kitu. Angalizo moja la maana: baadhi ya mashine za AMD zinauliza kama ufute fTPM, yaani TPM iliyo ndani ya prosesa, Y au N. Bonyeza N. Ukibonyeza Y funguo zilizomo zinafutika, na kama huna ile namba ya rikavari disiki haifunguki tena. Na kama Windows inakufa na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia kama seting ya SATA haijahama kati ya RAID na AHCI.

Windows ikishawaka, hakikisha, usiamini macho. Fungua PowerShell kama admin uandike:

```
Confirm-SecureBootUEFI
manage-bde -status C:
```

Ya kwanza ikitoa True uko sawa, False rudi BIOS, na ya pili inakuonyesha hali ya BitLocker. Wa Linux ni `mokutil --sb-state`. Funguo zenyewe za Secure Boot kwa kawaida zinakaa kwenye chipu nyingine isiyohitaji betri, ndio maana kuiwasha tena Secure Boot kwa kawaida kunatosha, BIOS ikisema hakuna funguo chagua kurudisha za kiwandani.

Paswedi ya BIOS usiitegemee sana pia, kama kwenye mazabodi yako inafutwa na betri kuisha basi itafutwa na mtu mwenye bisibisi. Kwa disiki yenye vitu vya maana washa BitLocker na ile namba 48 iweke nje ya hiyo kompyuta.

Halafu kama ujumbe ni "BIOS ROM checksum error" na sio CMOS, hiyo ni kesi nyingine kabisa, programu yenyewe ya BIOS imeharibika, mara nyingi umeme ulikatika wakati mtu anaipandisha toleo, na betri haihusiki.