Shati la kijani haliondoki kwenye picha za modeli yangu

Swali: Nimetreini lora ya sura yangu, yaani faili dogo linaloifundisha modeli ya kutengeneza picha sura yangu, kwa picha 18. Sura inatoka safi, ila kila picha nimevaa shati lile lile la kijani na nyuma ukuta wa bluu wa studio, hata nikiandika suti. Jamaa aliyenifundisha anasema niongeze stepu. Ni kweli?

Jibu: Hapana ndugu, usiongeze hata moja. Ushauri huo nakutana nao kila wiki na unaharibu kazi za watu. Modeli yako imekariri. Kwenye picha 18 sura, shati na ukuta vimekuja pamoja kila mara, na kama kwenye maelezo ya picha uliandika neno lako la kuitia tu, mfano mimix, yenyewe ingejuaje shati sio sehemu ya mwili wako? Stepu zaidi zinakaza fundo hilo hilo.

Kinachowadanganya watu ni sura kufanana. Modeli iliyokariri ndio inafanana kuliko zote, kwa hiyo ukipima kwa kufanana tu utachagua mbovu kila siku. Pima hivi:

```
photo of mimix man <lora:mimi-000004:1>
photo of mimix man, red raincoat, fish market <lora:mimi-000004:1>
photo of a man at a bus stop <lora:mimi-000004:1>
```

Kila mstari toa picha nane, `Seed` weka -1. Mstari wa kwanza shati likitokea mara kadhaa sio kesi, hukutaja nguo. Wa pili ndio wenyewe: umeomba koti jekundu la mvua, ukiona kola ya kijani au ukuta wa bluu nyuma ya samaki, imekariri. Wa tatu hauna neno lako kabisa, ukuta ukitokea hapo basi sumu imeshasambaa modeli nzima.

Halafu rudia kwa kila faili la epoki, yaani lile linalohifadhiwa kila mzunguko wa mafunzo ukiisha. Kwa picha 18 zikirudiwa mara 10, bachi ya 1, epoki moja ni stepu 180, kwa hiyo faili la 4 ni stepu 720 na la 10 ni 1800. Mara nyingi la katikati linavaa koti na sura bado ipo. Kushusha uzito, ile 1 ya mwisho kwenye mstari, hadi 0.6 ni kuficha tu, shati likiondoka na sura inaondoka nalo maana vimefungwa pamoja. Kama mafaili yote yamefeli, piga picha upya nguo tofauti na sehemu tofauti, na kwenye maelezo taja nguo na mandhari ya kila picha ili vishikwe na maneno yake.

Na hawa wanaouza "modeli ya sura yako" mtandaoni, sampuli wanazokuonyesha ni picha za kifua kwenye ukuta mtupu, yaani zinafanana na zile ulizowatumia, hapo hata iliyokariri inapita. Kabla hujalipa waambie wakutoe umevaa koti jekundu la mvua sokoni, picha nane, bila wao kuchagua.