Kuhesabu siku za kazi kwenye Excel

*"Wakuu, kuanzia 2 hadi 30 Aprili 2025 ni siku ngapi za kazi, bila wikendi na sikukuu zetu za Tanzania?"*

18, mkuu. Andika tarehe ya kuanza kwenye A2, ya mwisho kwenye B2, na sikukuu kwenye E2:E5 (tarehe 7, 18, 21 na 26 Aprili), kisha:

```
=NETWORKDAYS(A2,B2,E2:E5)
```

Siku ya kwanza na ya mwisho zote zinahesabiwa.

— Si rahisi tu kutoa wikendi, halafu utoe sikukuu 4? Mimi napata 17.

Umekata Muungano mara mbili, ndugu. Tarehe 26 ilikuwa Jumamosi, tayari imeshatoka na wikendi. Fomula hainaswi hapo.

Inakonaswa ni tarehe. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani ukiiandikia 07/04/2025 inasoma 4 Julai, na jibu linakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa bila onyo lolote. Badilisha muonekano wa seli utaje jina la mwezi, utaliona kosa.

— Sisi dukani Jumamosi tunapiga kazi.

Basi hii, Jumapili peke yake ndiyo mapumziko:

```
=NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11,E2:E5)
```

Inatoa 21, na hapo Muungano inakatwa kweli.

— Na Jumamosi za nusu siku?

Hapo sijapata fomula moja safi.