Kadi ya mtandaoni iliyofungwa kwa duka moja inavyofanya kazi

"Nilitengeneza kadi ya mtandaoni ya matumizi ya mara moja, nikaweka kikomo cha 50, sawa na bei ya oda. Duka limekata 30, kisha 20 zikakataliwa. Kwa nini, na namba ya kadi hiyo hutoka wapi?"

Ndugu yangu, namba hiyo si ya kubuni. Benki huichukua kwenye fungu la namba ilizotengewa, ndiyo maana tarakimu za mwanzo huitambulisha benki yenyewe. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili kosa la kuandika ligundulike mapema. Kisha benki huiunganisha na akaunti yako ndani ya mfumo wake; muuzaji haioni namba yako halisi.

Kikomo hakimo kwenye namba. Kila duka linapoomba malipo, ombi hubeba kiasi na kitambulisho cha muuzaji, na benki hulinganisha hayo na masharti uliyoweka. Kadi ya duka moja kwa kawaida hujifunga kwa muuzaji wa kwanza kuidhinishwa.

Kwako, nadhani duka liligawa mzigo sehemu mbili na kuomba malipo ya kila sehemu peke yake. Ombi la 30 lilipopita, kadi ikahesabiwa imeshatumika, hivyo la 20 likakataliwa ingawa jumla haikuzidi 50. Angalia sababu ya kukataliwa kwenye programu ya benki.

Safari nyingine chagua kadi ya duka moja yenye kikomo, si ya mara moja, na uongeze kidogo juu ya bei. Usiifute kabla mzigo haujafika, maana fedha ikirudishwa hupitia namba hiyohiyo.