Nusu kwa nusu ama 70 kwa 30?

*Shikamoo kaka. Mi ajenti wa nyumba hapa Malindi, nagawana komisheni nusu kwa nusu na ofisi. Sasa ofisi nyingine wanasema nitachukua 70 wao 30, ila nilipe elfu 15 kila mwezi ya meza. Nihame? Na mbona nikiuza pesa zachelewa hivi?*

Marahaba dadangu. Usihame bado, kwanza piga hesabu ya mwaka mzima, manake hiyo 70 yapendeza ukiangalia dili moja tu, lakini ada ya meza haiulizi kama umeuza ama hujauza.

Tuseme umeuza nyumba Casuarina kwa milioni 12, komisheni mulopatana na mwenye nyumba ni asilimia 3, hiyo ni 360,000. Mnunuzi kaletwa na ajenti wa ofisi nyingine, kwa hivyo nusu yaenda kwao na ofisini kwenu yaingia 180,000. Wewe wagawana hiyo 180,000, si ile 360,000, na hapa ndipo wengi hujikuta wametumia pesa vichwani kabla hazijafika. Nusu kwa nusu wapata 90,000. Kwa 70 wapata 126,000. Sawa, lakini kama toka Mei hadi Novemba hukufunga dili yoyote na meza haikulipwa, hiyo ni miezi 7, deni 105,000, wakikata mkononi mwako yabaki 21,000.

Kwa hivyo mpaka wako ni huu: meza ni 180,000 kwa mwaka, na faida ya kuhama ni ile asilimia 20 inayozidi. Ili 20 ifikie 180,000 lazima ofisini iingie komisheni ya 900,000 kwa jina lako. Toa rekodi zako za miezi 12 iliyopita, hesabu zilizolipwa kweli, si zilizoahidiwa. Ukiwa chini ya hapo, kaa ulipo.

Kuhusu kuchelewa, mkataba ukishasainiwa mnunuzi kwa kawaida aweka asilimia 10 kwa wakili, halafu kumaliza ni kama siku 90, hapo katikati kuna idhini, stempu diyuti, na kuhamisha hati. Kama barua yako na muuzaji yasema komisheni hulipwa mauzo yakikamilika basi nyumba uliyouza Januari wageni wakiwa wengi utailipwa Aprili, mvua ndo hizo zaanza na wanunuzi washarudi kwao, na hiyo pesa ndiyo itakulisha mpaka dili ya Agosti nayo ikamilike, pengine Novemba huko. Kwa hivyo usiihesabu kama mshahara wa Aprili, igawe kwa miezi 7. Barua zinazokuja, jaribu kuomba nusu ya komisheni ilipwe deposti ikiingia, wauzaji wengine hukubali.

Na ukiamua kuhama, dili zilizo kwa wakili sasa hivi ziandikiwe barua na ofisi yako ya zamani, kila nyumba na sehemu yako, kabla hujarudisha funguo.